Barua ya mhadhiri ya kumpendekeza mwombaji wa ufadhili: andika ulichokiona kwa macho yako

Nafundisha chuoni hapa Tabora. Kuanzia Agosti hadi Oktoba, wakati ufadhili wa Chevening wa Uingereza na kozi nyingi zinazofadhiliwa na DAAD ya Ujerumani zinapopokea maombi, wahitimu wetu hunitafuta sana. Wengine wanatoka Urambo au Nzega, wengine wanapiga simu wakiwa kazini Katavi. Wote wana ombi moja, niwaandikie barua ya kuwapendekeza: "Shikamoo Madam, naomba uwe mdhamini wangu."

Nimewahi pia kukaa upande wa pili, kwenye jopo la kuchuja waombaji wa ufadhili, na huko ndiko nilikojua barua zetu zinavyosomeka. Unachukua faili la kwanza, barua inasema mwombaji ni mchapakazi, mwadilifu, ana nidhamu na anashirikiana vizuri na wenzake. Faili la pili linasema hivyo hivyo. Ukifika la kumi huwezi kukumbuka nani ni nani. Kinachoamua kinakuwa transkripti peke yake, na yule kijana ambaye uwezo wake hauonekani kwenye alama anaachwa. Mhadhiri alimpenda, alimsifia ukurasa mzima, na hakumsaidia hata kidogo.

Nadhani tunaandika hivi kwa sababu barua tulizozizoea ni za aina ya barua ya mtendaji wa kata: inathibitisha kwamba huyu ni mkazi wetu, tunamfahamu, hana tatizo. Kwa kazi yake barua hiyo inatosha. Jopo la ufadhili linauliza swali lingine kabisa. Lina watu wengi wasio na tatizo, na linataka kujua huyu anafanya nini anapokutana na kazi ngumu. Jibu la swali hilo liko kwa mtu aliyemwona akiifanya.

Nitaeleza barua moja niliyoiandika kwa binti aliyesoma jiografia kwetu na kuomba uzamili wa usimamizi wa misitu. Nimebadilisha mambo machache ili asitambulike, lakini mwenendo wa barua ni ule ule.

Nilimwambia asiniletee sifa zake. Nilitaka wasifu wake, transkripti, maelezo binafsi aliyoyaandika kwa wafadhili, tangazo lenyewe la ufadhili, na ripoti yake ya utafiti ile yenye wino wangu mwekundu. Juu ya hayo, ukurasa mmoja wa matukio: lini, somo gani, alifanya nini, nini kilitokea. Na yote yanifikie wiki tatu kabla ya tarehe ya mwisho. Ripoti iliyosahihishwa ndiyo niliyoitegemea zaidi, kwa sababu kumbukumbu ya mhadhiri mwenye mamia ya wanafunzi hubaki na hisia tu, "alikuwa vizuri yule", wakati pembeni mwa kurasa zake kuna maswali niliyomuuliza na jinsi alivyoyajibu.

Utafiti wake ulihusu kuni za tumbaku. Mkoa huu tumbaku ya mvuke hukaushwa kwenye mabani kwa moto wa kuni, na wakulima hutakiwa kupanda miti ili kufidia inayokatwa. Alipata daftari la chama kimoja cha msingi cha ushirika wa wakulima, akachagua wakulima 40 kwa bahati nasibu, na daftari lilionyesha kwamba wote 40 walikuwa wamepanda. Mwanafunzi mwingine angehesabu alama za vema, akaandika asilimia 100, akamaliza sura ya nne. Yeye alikwenda mashambani. Kwa wakulima 13 hakukuta shamba la miti, au alikuta miche iliyo hai haifiki nusu ya iliyoandikwa. Akaja ofisini kuomba wiki mbili zaidi, akalipanga upya jedwali lake: safu moja ya miche iliyogawiwa, nyingine ya miti iliyo hai. Kisha akawarudia wale 13 kuuliza sababu. Wengi walikuwa wamepanda Machi, mvua zikiwa karibu kuisha, na miche ikakutana na kiangazi ikiwa bado haijashika mizizi. Wengine miche yao iliunguzwa na moto wa msituni au kuliwa na ng'ombe.

Mimi nilichagua mashamba matano kati ya yale bila kumwambia, nikaenda kuhesabu. Hesabu zangu na zake zilipishana kwa miti michache tu.

Hilo ndilo nililoliandika. Barua yenyewe ilikuwa kwa Kiingereza, lakini aya yake ya katikati ilikwenda hivi:

"Kumbukumbu alizopewa zilionyesha kwamba wakulima wote 40 walipanda miti. Alizikagua mwenyewe shambani na kukuta kwamba kwa wakulima 13 miti haikuwepo au zaidi ya nusu ilikuwa imekufa. Aliomba muda wa ziada, akabadilisha muundo wa jedwali lake, na akaeleza sababu za vifo vya miche kwa kutenganisha muda wa kupanda, moto na mifugo. Nilikagua mashamba matano kwa kushtukiza na hesabu zake zilipishana na zangu kwa miti michache tu. Hakuna aliyemwagiza kufanya ukaguzi huo. Mwongozo wa utafiti ulimruhusu kutumia kumbukumbu za chama peke yake."

Angalia kwamba neno "mwadilifu" halimo. Halimo pia "anajituma" wala "ana fikra tunduizi". Msomaji anayaona yote matatu na anayaamini, kwa sababu ameyafikia mwenyewe. Sentensi ya mwisho ni ndogo lakini ina uzito mkubwa: bila hiyo, mtu wa mbali angedhani ukaguzi wa shambani ni sehemu ya kawaida ya kazi na kila mwanafunzi aliufanya.

Baada ya tukio, jopo linahitaji kujua unamlinganisha na nani. "Ni miongoni mwa wanafunzi bora niliowahi kufundisha" haisemi kitu, maana hawajui umefundisha wangapi. Niliandika kwamba mwaka ule nilisahihisha ripoti 64, nne zilipata A, na yake ilikuwa na alama 74. Kisha nikaongeza jambo ambalo wahadhiri wengi wa kwetu hulisahau: katika mfumo wetu A huanzia alama 70 na B+ huanzia 60. Msomaji aliyesoma Marekani akiona 74 bila maelezo hayo atadhani ni mwanafunzi wa kawaida kabisa. GPA nayo ni vivyo hivyo. Binti huyu alikuwa na 3.8, na kwa anayeizoea GPA ya juu kabisa kuwa 4, hiyo inakaribia ukamilifu. Kwetu ni 3.8 kati ya 5, daraja la pili la juu, ambalo huanzia 3.5. Andika kipimo chako waziwazi hata pale ambapo ukimya ungemfaidi mwombaji, kwa sababu siku wakigundua wenyewe hawataiamini tena sehemu nyingine ya barua.

Fomu nyingi za mtandaoni humtaka mdhamini pia aweke alama kwenye kisanduku: mwombaji yumo katika asilimia 5 ya juu, 10, au 25. Kishawishi ni kuweka 5 kwa kila mtu. Mimi nilimweka kwenye 10, kwa sababu kwa matokeo yake yote ya miaka mitatu hapo ndipo alipokuwa, na ndani ya barua nikaeleza kwamba kwa kazi ya uwandani peke yake yumo katika wachache wa juu kabisa. Kisanduku na barua vikisema mambo mawili tofauti, msomaji huliona mara moja, na huamini kile kinachompunguza mwombaji.

Palikuwa na doa pia: C ya takwimu, mwaka wa kwanza. Kuna wanaoshauri doa kama hilo lipitwe kimya. Mimi sikubaliani, kwa sababu transkripti iko mezani na kozi anayoiomba ina takwimu. Niliandika sentensi mbili tu: kwamba mwaka wa kwanza alipata C, na kwamba mwaka wa tatu, kwenye somo langu la mbinu za utafiti ambalo karibu nusu yake ni takwimu, alipata B+ ya alama 66 na ndiye aliyechagua mwenyewe namna ya kuchukua sampuli ya wale wakulima 40. Sababu ya ile C nilikuwa naijua, ilihusu msiba nyumbani kwao. Sikuigusa. Mambo ya familia na ya afya ni ya mwombaji mwenyewe. Hayaingii kwenye barua mpaka akuombe kwa kinywa chake uyaandike, na hata hapo mara nyingi yanakaa vizuri zaidi kwenye maelezo yake binafsi.

Barua nzima ilikuwa ukurasa mmoja na nusu. Aya ya kwanza ilisema namjua kwa nafasi gani na kwa muda gani: nilimfundisha masomo mawili na kumsimamia utafiti. Jina lake niliandika kama lilivyo kwenye pasipoti, jina la kozi kama lilivyo kwenye tangazo, karatasi yenye nembo ya chuo, tarehe, saini, na anwani ya barua pepe ya chuo badala ya ile yangu binafsi. Muhuri niligonga pia. Huko nje wengi hawauhitaji, ila haudhuru.

Kwenu vijana mnaoombewa, nina ombi moja zito. Ikiwa mhadhiri atakwambia "andika mwenyewe, nitasaini," mshukuru kwa heshima, kisha mpelekee ule ukurasa wa matukio na ripoti yako badala ya barua kamili. Barua uliyojiandikia huwa na lafudhi ya maelezo yako binafsi, na ukiwaandikia wadhamini wote wawili, barua hizo zitafanana kama mapacha. Wanaozisoma kwa mamia hawakosi kuona. Pia hakuna mwombaji anayeweza kuandika kwamba hesabu zake zilikaguliwa kwa kushtukiza. Hilo analijua aliyekagua.

Jambo la mwisho ambalo yule binti wa misitu alinitaka niliandike ni uongozi. Baada ya kuhitimu alikuwa ameanzisha kitalu cha miche na kikundi cha akina mama kijijini kwao, na Chevening hutilia uongozi mkazo sana.

"Madam, si unajua kile kitalu changu?"

"Nimekisikia, mwanangu, lakini sijakiona. Nikiulizwa miche ni mingapi nitajibu nini?"

Alinyamaza kidogo. Nilimshauri mdhamini wa pili awe msimamizi wake wa kazi, ambaye alikuwa amefika kitaluni zaidi ya mara moja na alikuwa na taarifa zake za kila robo mwaka. Yeye akaandika kuhusu kikundi, idadi ya miche, na jinsi binti alivyosuluhisha ugomvi wa zamu za kumwagilia. Mimi nikabaki na wakulima wangu 40.