Re: Mafaili ya ushauri nasaha na siri za wanafunzi

"Wakuu, nimepewa wasaidizi wawili ofisi ya ushauri nasaha hapa sekondari, niwaandikie memo gani kuhusu mafaili na siri za wanafunzi?"

Mkuu, memo iwe fupi. Daftari la mahudhurio liwe na namba tu, mfano N-14, orodha ya majina inakaa droo nyingine na funguo unayo wewe.

Sasa penye kazi ni pale mtoto anapofunguka. Tuseme binti wa kidato cha pili kasema "baba mdogo anakuja chumbani kwangu usiku ananishika", msaidizi aandike hivyohivyo siku hiyohiyo, tarehe, saa na sahihi, asiandike "amebakwa" maana hajaambiwa hivyo, na asianze kumhoji, mtoto akirudiarudia stori kwa watu watatu maelezo yanaanza kupishana na kesi inalegea. Akikosea akate mstari mmoja asaini, wino mweupe marufuku.

Halafu asiahidi kwamba hamwambii mtu (hapa ndo wengi wanajichanganya kwa huruma). Aseme nitamwambia mtu mmoja anayeweza kukusaidia, na huyo ni wewe, leoleo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka taarifa ifike serikali za mitaa, kwa hiyo unaenda kwa afisa ustawi wa jamii, au dawati la jinsia na watoto polisi, ukikwama piga 116 bure. Nyumbani msipige kwanza, mtuhumiwa yuko hukohuko.

Mwalimu wa darasa akiuliza ajibiwe "alikuwa na ruhusa" basi, na grupu la Whatsapp la walimu lisiguswe kabisa.