Prednisoloni ya mtoto haikatwi ghafla

"Daktari, mwanangu ana miaka 6, kilo 20. Amemeza prednisoloni wiki 6 kwa ajili ya figo. Uvimbe umeisha, ila uso umekuwa mviringo kama chungwa. Siwezi kuacha tu?" Mama, Majengo, Moshi

Usiache, mama. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo, adrenali, inayotengeneza kotisoli. Homoni hiyo ndiyo inayoshikilia sukari na presha mwili unapougua. Prednisoloni inafanya kazi ileile, kwa hiyo ubongo huacha kuiamsha tezi, nayo hulala. Siku 5 za prednisoloni kwa ajili ya pumu kwa kawaida haziilazi. Wiki 6 zinailaza.

Wa kilo 20 kwa kawaida huwa anameza miligramu 40 kila siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 5. Hatua inayofuata ni vidonge 6, siku moja anameza, siku moja anapumzika, kwa wiki 6 nyingine. Siku ya kupumzika ndiyo tezi inapojaribu kuamka. Baada ya hapo kuna madaktari wanaoshusha tena kidogo kidogo, basi fuata kilichoandikwa kwenye daftari lake la kliniki. Mpe asubuhi baada ya uji, maana ndio wakati mwili wenyewe hutoa kotisoli nyingi. Weka alama kwenye kalenda ya ukutani. Siku za kuruka husahaulika haraka kuliko siku za kumeza. Uso utapungua wenyewe dozi ikishuka.

"Dawa za mjukuu wangu ziliisha, tukakaa bila. Siku ya tatu analegea, anatapika, tumbo linamuuma. Ni malaria?" Bibi, Ngaramtoni, Arusha

Inaweza kuwa malaria, na apimwe. Lakini bibi, mfikishe hospitali leo hii, na neno la kwanza mlangoni liwe: "Alikuwa kwenye prednisoloni, tukakatisha." Usipolisema, atapewa dawa ya malaria au ya minyoo na kurudishwa nyumbani, huku sukari na presha zinashuka. Watapima sukari, watamwekea dripu na kumchoma sindano ya haidrokotisoni, inayoziba pengo la kotisoli. Akitulia, atarudishiwa vidonge na kushushwa upya. Kumpa kidonge nyumbani wakati anatapika hakusaidii, kitatoka.

"Nitajuaje kama ni ugonjwa umerudi au ni kukosa dawa?" Baba, Usa River

Ugonjwa wa figo ukirudi, macho huvimba asubuhi na kijiti cha mkojo huonyesha protini nyingi siku 3 mfululizo. Kukosa kotisoli hakuvimbishi. Mtoto hunywea, hukataa chakula, huumwa misuli.

"Tulimaliza dozi mwezi uliopita. Leo ana homa ya 39." Mama, Himo

Mpeleke, na useme alimaliza lini. Tezi yaweza kubaki nzito hadi mwaka mzima, na kwenye homa kali au upasuaji huenda akahitaji tena steroidi, yaani dawa za jamii ya prednisoloni, kwa siku chache. Waandike hilo kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la daftari lake, maana siku ya homa huenda shangazi ndiye atakayempeleka.