Resipi ya pweza wa nazi

"Jamani nimeandika resipi ya pweza wa nazi, nimeanza na safari zetu za Mikindani kwa bibi, watu wanalalamika hawaoni vipimo. Nianzeje?"

Dada, bibi abaki sentensi moja tu, ile ya kuweka tui zito mwishoni, maana hiyo inamsaidia mpishi. Juu kabisa mtu aone kinachomhusu kabla hajawasha jiko, mfano: "Pweza kilo moja, watu watatu, kama saa moja na nusu. Akichemka anasinyaa sana usishtuke, na tui likichemka kwa nguvu linakatika." Basi, unaingia mahitaji.

Mahitaji yapange yanavyotumika, pweza kwanza tui zito mwisho. Halafu umeandika "nazi kiasi", hapo ndo umewapoteza, kuna nazi kubwa na ndogo, we sema tui jepesi vikombe viwili, zito kikombe kimoja. Na hatua zako zina dakika tupu, "chemsha dakika 40", sasa mwenye pweza mkubwa akizima hapo anatafuna mpira, andika "mpaka uma uingie bila kulazimisha", dakika ziwe makadirio tu. Chumvi nayo iwe na hatua yake, usiifiche katikati ya sentensi ya nyanya.

— Mi hizo stori nazipenda bwana, na pweza bila kumpiga kwenye jiwe halainiki.

— Stori iwe chini ya resipi basi, anayetaka atashuka. Ya jiwe sijui, wangu huwa nawagandisha kwenye friza usiku mzima na wanalainika.