Kagua tarehe za barua ya mwaliko kabla ya kupanda basi la Dar

Mimi ni mtafiti wa viazi mviringo hapa Uyole, na mwaka jana nilialikwa kuwasilisha bango kwenye mkutano Ujerumani. Barua ya mwaliko ilikuja kwa baruapepe, ina nembo, saini na muhuri. Nikaichapa, nikaiweka kwenye bahasha pamoja na pasipoti, nikapanda basi la usiku kwenda Dar kuomba viza ya Shengeni ya kuingia Ujerumani. Kutoka Mbeya mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 800.

Dirishani niliulizwa swali moja tu: "Mkutano ni Jumanne tarehe 9 hadi Alhamisi tarehe 11 Septemba. Mbona umeomba kuanzia tarehe 7?"

Sababu nilikuwa nayo. Jumatatu tarehe 8 kulikuwa na warsha niliyoilipia, hivyo ilinibidi nifike Jumapili na kuondoka Ijumaa tarehe 12. Siku ya kuingia na ya kutoka zote huhesabiwa, kwa hiyo niliomba siku 6. Barua ilitaja 3. Warsha haikuandikwa popote, na maelezo ya mdomo hayaingii kwenye faili.

Kasoro ya pili niliisababisha mwenyewe. Kwenye fomu ya usajili nilijaza majina mawili ninayotumia kazini, na barua hizi hutengenezwa kutokana na ulichojaza. Pasipoti yangu ina matatu. Rekebisha jina kwenye usajili kwanza, ndipo uombe barua, la sivyo utaletewa kosa lilelile.

Niliwaandikia waandaaji jioni ileile. Sikuwaambia tu "naomba barua nyingine". Niliwapa maneno niliyoyahitaji: majina yote kama yalivyo kwenye pasipoti, namba ya pasipoti, namba ya usajili, kwamba ada ya mkutano na ya warsha zimelipwa, kichwa cha bango langu, na tarehe za shughuli zote mbili, mwezi ukiandikwa kwa jina. Niliwaomba pia waongeze kwamba wananishauri nifike tarehe 7. Walikubali hayo yote.

Jambo moja walikataa, nami nawaelewa: barua ilisema wazi kwamba hawagharamii nauli wala malazi. Waandaaji wengi huandika hivyo. Basi pengo hilo lijazwe na barua ya mwajiri inayosema nani analipa nini, na iwe na tarehe zilezile 7 hadi 12. Tiketi uliyowekesha, hoteli na bima ya safari nazo zifuate hizo hizo.

Viza ya Shengeni huombwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho siku 15 kabla. Jibu kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, ila linaweza kufika 45. Waandaaji wengi hawatoi barua mpaka ada ilipwe, kwa hiyo kabla hujalipa waulize kwa maandishi kama ada inarudishwa ukinyimwa viza, na mwisho wa kuidai ni lini.