Barua ya likizo isiyotaja siku ya kurudi

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni meneja wa kitengo kidogo. Karani wangu wa hesabu, mama makini niliyefanya naye kazi miaka sita, ameniletea barua ya likizo. Ameandika hivi: "Naomba siku zangu zote 21 zilizobaki, kuanzia Jumatatu. Kazi zote nimeshamkabidhi mwenzangu. Asante kwa yote." Barua zake za nyuma hutaja sababu, siku ya kurudi na namba ya simu. Hii haina hata kimoja. Tangu juzi iko mezani, sijaisaini. Nimuulize, au ninyamaze? Naogopa kumchokonoa mtu mzima. — Meneja mwenye wasiwasi*

Marahaba mwanangu. Isaini leo, kisha ndiyo tuzungumze.

Siku hizo 21 ameshazifanyia kazi, ni haki yake. Kila saa barua inapolala mezani kwako, yeye anahesabu. Ukimwita kabla ya kusaini, hata ukiuliza kwa upole kiasi gani, atasikia kwamba ruhusa ina bei, na bei yenyewe ni siri yake. Hapo atakupa sababu yoyote iliyo karibu, "nina shughuli za kifamilia," halafu ataondoka akiwa na mzigo wake uleule na uongo juu yake. Sahihi ikishatoka, mazungumzo hayana tena cha kumnyima.

Sasa tuisome barua yenyewe, maana si kila pengo lina uzito. Kukosekana kwa sababu mimi kunanisumbua kidogo sana. Likizo ya mwaka haihitaji maelezo, na wafanyakazi wengi huacha kuyaandika baada ya kuulizwa maswali mengi mara moja tu. Fungua faili lake utazame ombi lake la mwisho lilijibiwaje. Kama aliambiwa apunguze siku, au sababu yake ilijadiliwa mbele ya wenzake, umeshajua kwa nini safari hii kafunga mdomo.

Siku ya kurudi ndiyo inayonifanya nivute kiti. Kumbuka huyu ni mtu wa hesabu. Siku 21 zikiwa za kazi, kwa wiki ya siku tano, akianza Jumatatu atamaliza Jumatatu ya wiki ya tano na kurudi Jumanne yake, kama hakuna sikukuu katikati. Zikiwa siku za kalenda, zinaisha Jumapili ya wiki ya tatu na kesho yake yuko kazini. Tofauti ni zaidi ya wiki moja, na karani wa hesabu hawezi kuwa hakuiona. Ameiacha wazi kwa sababu hakutaka kuahidi, au kwa sababu hajui. Na hapo ndipo una swali halali kabisa la kikazi, lisilomchokonoa mtu.

Kuhusu makabidhiano, usisome neno "zote" peke yake. Kaa na huyo mwenzake umuulize juu ya kazi tu: umepokea nini, cha kuanzia lini hadi lini? Mtu anayekwenda likizo hukabidhi yale yatakayoiva akiwa hayupo, kama malipo ya wauzaji, usuluhishi wa benki na taarifa ya mwezi. Ukikuta amekabidhi hadi kazi za kufunga mwaka, ambazo muda wake uko mbali sana na tarehe yoyote ya kurudi, au ameacha funguo za droo yake binafsi na kuondoa picha zake mezani, hiyo si likizo aliyoipanga kichwani mwake. Ukikuta ni ya wiki hizo tu, nusu ya wasiwasi wako ishuke.

Na kwa kuwa ni mtu wa hesabu, kuna atakayekunong'oneza kwamba huenda amechota fedha anakimbia. Usimwongezee sikio. Wakaguzi wanajua kwamba anayeficha kitu vitabuni kwa kawaida huikwepa likizo, kwa sababu mwingine atakaa kwenye kiti chake na kuona. Ndiyo maana taasisi nyingi za fedha huwalazimisha watu wao kuchukua likizo mfululizo. Hilo halimtakasi mtu, lakini barua ya namna hii si ushahidi wa wizi hata chembe.

Kuna meneja aliwahi kuniandikia baada ya maji kumwagika. Mfanyakazi wake alimletea barua isiyo na siku ya kurudi, naye akaisoma vizuri, pengo akaliona. Kosa lake lilikuwa kulijaza mwenyewe. Akajiambia kijana kapata kazi kwingine, akasaini bila kumtazama usoni, akaagiza akaunti yake ya kompyuta ifungwe na kiti chake kianze kutafutiwa mtu. Kumbe kijana alikuwa anampeleka mkewe kwenye matibabu, na madaktari walikuwa hawajampa tarehe ya kumaliza. Siku ya kumi alijaribu kufungua barua pepe yake ya kazi amtumie bosi ujumbe aombe kuongezewa muda. Akakuta neno lake la siri halikubali. Hakupiga simu kuuliza kulikoni. Aliandika barua nyingine, fupi kuliko ile ya kwanza, na hiyo ilikuwa ya kuacha kazi. Meneja akaniuliza kama hakuwa sahihi tangu mwanzo, maana mwishowe kijana si aliondoka? Nilimjibu kwamba aliyemwondoa ni yeye.

Kwa hiyo zungumza naye wewe, kabla ya Ijumaa jioni, mahali ambapo mlango unafungika na watu hawaoni ndani. Usimtumie mtu kumwita kwa sauti. Anza na sahihi: "Likizo yako nimeipitisha." Halafu lile swali la kazi: "Nahesabu siku zako ziishie lini, nikuweke Jumanne ya wiki ya tano?" Tulia umsikilize. Mwenye nia ya kurudi atasema ndiyo, au atakurekebisha hesabu. Anayesita, anayesema "weka hivyo hivyo tu," au anayetazama chini, amekujibu pia, ila bado hujui amejibu nini.

Hapo sema ulichokiona, na uishie hapo: "Barua zako nazifahamu, hii imekuwa tofauti. Sikuulizi sababu. Kama kuna jambo linalohitaji kazi ipangwe tofauti, niambie sasa au baadaye." Kisha nyamaza. Kimya kitakuwa kizito na utatamani kukipunguza kwa kubahatisha: unaumwa? Ni mambo ya nyumbani? Umechoka na sisi? Usithubutu. Ukibahatisha ukapatia, atakana kwa mshtuko, na akishakana itamwia vigumu kurudi wiki ijayo kusema kwamba ulikuwa sahihi.

Akisema "hamna kitu, bosi," pokea. Ana haki ya kutokuambia, na mlango umeshamwonyesha.

Akifunguka kwamba anaumwa au anauguza, usimwache ateketeze siku zake zote za mwaka kabla hamjatazama pamoja kanuni za kazi yenu. Mara nyingi ugonjwa una likizo yake, na dharura ya familia huenda ina yake au ya bila malipo. Watu huomba likizo ya mwaka kwa mambo hayo kwa sababu ndiyo pekee isiyodai cheti wala maelezo. Mwambie pia, kabla hajaendelea, ni nani lazima ajue na atajua kiasi gani. Usimwahidi siri usiyoweza kuitunza. Kama idara ya utumishi lazima ione cheti, aijue hiyo mapema. Akisema anaondoka moja kwa moja, mshukuru kwa ukweli na mpange makabidhiano yanayostahili.

Lipo moja ambalo sitaki ulipite haraka. Hayo maneno "Asante kwa yote" kwa kawaida ni adabu tu. Lakini yakiungana na kugawa vitu vyake, kuaga watu mmoja mmoja, kusema yeye ni mzigo au kwamba amechoka na maisha, yanaweza kuwa kwaheri ya aina nyingine. Hapo usizunguke. Muulize kwa maneno yenyewe: "Unafikiria kujiua?" Wengi huogopa kwamba swali litampa wazo, halimpi, na kwa aliyebeba wazo hilo peke yake mara nyingi linampa nafuu ya kulitamka. Akikubali, au akijibu kwa namna inayokutia hofu, usimwache peke yake. Mtafute pamoja naye mtu anayemwamini, na mumfikishe kwa wahudumu wa afya siku hiyo hiyo. Hilo halifichwi kwa kisingizio cha siri.

Yale usiyotakiwa kufanya ni machache, lakini mameneja huyafanya kila siku. Usimhoji mwenzake juu ya maisha yake. Usipekue anachoandika mitandaoni. Usiandike dhana yako kwenye faili. Kinachoingia humo ni barua, sahihi yako na tarehe mlizokubaliana.

Na lile pengo la namba ya simu, nalo lina swali lake. Namba yake bila shaka unayo, pamoja na ya ndugu aliyoiandika siku ya kuajiriwa. Ila miaka sita ni mingi, na huenda huyo ndugu ndiye anayemkimbia. Kabla hajatoka ofisini kwako muulize: "Likitokea jambo ukiwa likizo, ungependa nimpigie nani?" Andika jina atakalolitaja, hata kama silo lililo kwenye faili, na muulize kama faili nalo libadilishwe. Ikifika hiyo Jumanne hajaonekana, mpigie yeye kwanza, kisha mtu huyo, kabla hujafikiria kumwandikia barua ya utoro.