Re: Debiti na krediti kwenye slaidi

"Slaidi zinasema pesa ikiingia ni debiti. Mbona benki ikinikata hela ndiyo inaandika debiti?"

Ndugu, benki inaandika daftari lake, si lako. Hela uliyoweka kwao ni deni wanalodaiwa na wewe, kwa hiyo ukitoa, deni lao limepungua: debiti. Kwenye daftari lako, fedha zikiingia ni debiti, zikitoka ni krediti.

Sasa weka slaidi pembeni uchukue duka la mchele sokoni. Leo dada ameuza taslimu 180,000: debiti Fedha Taslimu, krediti Mauzo. Mama ntilie naye amechukua mchele wa 30,000 kwa mkopo. Hela haijaonekana, lakini mali imeshatoka, kwa hiyo debiti Wadaiwa, krediti Mauzo. Mauzo ya leo ni 210,000.

Kesho mama ntilie analeta 20,000. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa sababu slaidi nyingi zinapita haraka. Debiti ni Fedha Taslimu, sawa, ila krediti iende Wadaiwa. Ukiiandika Mauzo, mchele uleule umeuuza mara mbili: mauzo yanasomeka 230,000, na mama wa watu bado anadaiwa 30,000 badala ya 10,000.

Na urari, yaani ile orodha ya kulinganisha jumla ya debiti na jumla ya krediti, hautakuonyesha kosa hilo, maana pande zote mbili bado zinalingana. Utaligundua ukifungua lile daftari dogo la madeni, ukalinganisha jina kwa jina na akaunti ya Wadaiwa. Mimi ningefanya hivyo kila jioni kabla ya kufunga duka.