Jibu: Kidirisha cha kusomea katika Thunderbird kwenye skrini ndogo

"Laptopu yangu ina skrini ya 1366 kwa 768. Nikiweka ujumbe chini naona mistari michache tu, nikiuweka kando maneno yanabanana. Nifanyeje?"

Ndugu, kwa upana huo mipangilio yote miwili itakubana, kwa kuwa Vertical View hugawa skrini katika safu tatu, nayo Classic View hula kimo ambacho tayari ni kidogo. Ninapendekeza ukizime kabisa kidirisha cha kusomea kwa kubonyeza F8, ili orodha ya barua ipate nafasi yote. Ukikihitaji tena, bonyeza F8 hiyohiyo.

Kisha fungua Settings, sehemu ya General, ushuke hadi Reading & Display, na chini ya "Open messages in" uchague "An existing message window". Chaguo hili ni bora kuliko "A new message window", ambalo hufungua dirisha jipya kwa kila barua hadi yakarundikana, ilhali hili hutumia dirisha lilelile kila unapobofya barua mara mbili. Litanue dirisha hilo lijaze skrini. Ndani yake, herufi F hukupeleka kwenye barua inayofuata, B hukurudisha nyuma, na Ctrl+W hulifunga.